Chati safi ya kahawa kwa ukaguzi wa Jumamosi: dhana potofu na ukweli

Mwezi wa sita Umalila baridi inakata, kahawa ya mwanzo iko juu ya meza za kuanikia, na kila mkulima anataka kujua New York wamefunga wapi. Mimi ndiye ninayeandaa taarifa ya bei kwa kikundi chetu. Kila Jumamosi asubuhi, nikiwa Mbeya mjini, nafungua chati ya kahawa ya arabika kwenye tovuti ya chati ya TradingView, alama yake KC1!, naangalia wiki ilivyofunga, kisha naandika maelezo mafupi na kuyatuma vijijini. Siku ni Jumamosi kwa sababu soko la New York linafunga Ijumaa saa 2:30 usiku kwa saa zetu, au saa 3:30 usiku wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Ukiangalia Ijumaa mchana, mshumaa wa wiki, yaani kile kifimbo kinachoonyesha bei ya wiki ilivyokwenda, bado haujakamilika.

Zamani kazi hii ilinichukua saa mbili. Sasa ni dakika ishirini hivi, kwa sababu chati ninayoifungua ni ileile ya wiki iliyopita: mistari ileile, rangi zilezile, na maandishi yanayojieleza. Vijana wanaokuja niwaonyeshe mpangilio huu huja na dhana zinazofanana sana.

Dhana: kijani ni sapoti, nyekundu ni rezistansi

Sapoti ni sakafu ambayo bei ikishuka huwa inasimama, rezistansi ni dari inayoizuia kupanda. Karibu kila mtu anaanza kwa rangi hizo, nami nilianza hivyo. Shida ni kwamba kiwango cha bei hubadilika kazi. Bei ikipanda juu ya senti 300 kwa ratili na kukaa huko, 300 iliyokuwa dari inageuka sakafu, na mstari wako mwekundu sasa unasema uongo. Inabidi uupake kijani. Wiki tatu baadaye bei inarudi chini, unaupaka nyekundu tena. Unatumia ukaguzi mzima kupaka rangi, na ukisahau mmoja tu, Jumamosi inayofuata hujui ni rangi ipi ya kuamini.

Ukweli ni kwamba rangi inafaa kueleza kitu kisichobadilika, yaani mstari ulitoka wapi. Kwangu mimi bluu nene ni kiwango kilichotoka kwenye chati ya mwezi. Rangi ya chungwa, mstari mwembamba, ni kiwango cha chati ya wiki. Kijivu chenye vitone ni kiwango kilichochakaa ambacho sijataka kukifuta bado. Kama mstari ni sapoti au ni rezistansi sihitaji rangi kuniambia: uko chini ya bei au uko juu yake. Unene nao nimeutofautisha makusudi, kwa sababu kwenye simu yenye mwanga mdogo bluu na kijivu vinafanana.

Mishumaa yenyewe nimeiacha nyeusi na nyeupe. Ikiwa na rangi zake kali, jicho linakimbilia huko na mistari inapotea.

Dhana: mistari mingi ndiyo uchambuzi wa kina

Hapa sina mengi. Kijana mmoja alinionyesha chati yenye mistari ishirini na saba; popote bei ilipogusa, iligusa mstari. Chati ya namna hiyo haiwezi kukukosoa. Mimi nina bluu mbili au tatu, na chungwa zisizozidi nne, mbili juu ya bei na mbili chini. Nikitaka kuongeza ya tano, moja lazima igeuzwe kijivu kwanza.

Kinachosaidia zaidi ni kuchora kwa kanuni moja. Mistari yangu ya chungwa yote inapita kwenye bei za kufunga wiki, siyo kwenye ncha za mishumaa. Ya bluu yote inapita kwenye ncha za vilele na mabonde ya mwezi. Ukichanganya, leo ncha, kesho mwili wa mshumaa, huwezi tena kusema kama bei "imevuka", maana hujui inapimwa na nini.

Dhana: ukishachora mstari, bei yake ni ileile daima

Hii ndiyo iliyonigharimu heshima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

KC1! si kahawa moja. Ni mikataba ya kuuziana kahawa ya mwezi fulani wa mbele, iliyounganishwa mmoja baada ya mwingine. Kahawa ya New York ina mikataba ya miezi mitano kwa mwaka: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, na kwenye skrini miezi hiyo huandikwa kwa herufi H, K, N, U na Z. Mkataba wa karibu unapokaribia muda wake, wafanyabiashara wanahamia unaofuata, na chati inahama nao. Mikataba hiyo miwili haiuzwi kwa bei moja. Kahawa ya karibu ikiwa adimu, mkataba wa Julai unaweza kuwa ghali kuliko wa Septemba siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Namba nazirahisisha ili hesabu ionekane. Ijumaa moja ya Juni, mkataba wa Julai ulifunga senti 303 kwa ratili. Jioni hiyohiyo wa Septemba ulifunga 296. Wiki iliyofuata chati ikahamia Septemba, na Ijumaa yake ikafunga 298. Mimi nikafungua chati, nikaona wiki iliyopita 303, wiki hii 298, na katikati mstari wangu wa 300. Nikaandika kwamba bei imevunja 300 kwenda chini.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa kikundi akanipigia. "Mwanangu, wewe unasema imeshuka. Mnunuzi hapa anasema imepanda kidogo. Nimsikilize nani?"

Aliyesema kweli alikuwa mnunuzi. Septemba ilikuwa 296, ikawa 298; imepanda senti mbili. Ile "kushuka" ya senti tano ilikuwa ni pengo la kuhama mkataba, na hakuna kahawa yoyote iliyopungua bei. Nilikuwa nimewaambia watu kinyume cha kilichotokea, na baadhi yao walikuwa wanapima kama wauze wiki ile au wasubiri.

Sasa mpangilio wangu una ulinzi wa aina mbili. Kwanza, kila chati inapohama mkataba nachora mstari wa wima wa zambarau na kuandika pembeni yake tofauti ya siku ile, kwa mfano "N kwenda U, -7". Hilo ni mara tano tu kwa mwaka. Pili, wiki hiyo ya kuhama siilinganishi KC1! na nafsi yake. Nafungua mkataba mpya peke yake, mfano KCU2026, na kuulinganisha Septemba kwa Septemba. Mistari ya chungwa iliyo karibu na bei naigeuza kijivu, halafu naiacha wiki mbili tatu mkataba mpya uonyeshe bei zake za kufunga kabla ya kuchora upya. Ya bluu siigusi. Kwenye umbali wa miaka, senti saba ni upana wa mstari wenyewe.

Wengine wanasema dawa ni kitufe cha B-ADJ kilichoko chini ya chati, kinachoondoa mapengo hayo. Kinayaondoa kweli, lakini kwa kusogeza bei zote za nyuma. Kwa mfano wetu, kila bei ya kabla ya kuhama inapunguzwa 7, kwa hiyo kilele cha 303 kinachorwa 296. Mstari wako haukusogea. Bado uko ulipouweka. Hivyo unaelea juu ya kilele ulichouchorea. Na kwa kuwa kila kuhama kunaongeza tofauti yake, kadiri unavyorudi nyuma ndivyo bei zinavyozidi kuwa mbali na zile ambazo watu waliuziana.

Kujua kama kitufe hicho kimewashwa bila wewe kukumbuka, nenda kwenye chati ya mwezi mpaka 1977. Kilele cha mwaka ule kilikuwa senti 337 na kidogo, na hakikuvukwa mpaka Desemba 2024, kabla bei haijapita 400 Februari 2025. Chati yako ikikuonyesha 1977 kwa namba nyingine kabisa, B-ADJ iko hai. Kwa anayetafuta mwelekeo tu, kitufe hicho kinafaa. Kwangu mimi ninayewaeleza wakulima viwango vya bei, kinabaki kimezimwa.

Dhana: sababu ya mstari nitaikumbuka

Hutaikumbuka. Baada ya miezi miwili, mstari usio na maandishi ni mstari tu, na utaanza kuusomea upya historia nzima kila Jumamosi. Saa zangu mbili za zamani zilikuwa zinaishia hapo.

Andiko langu linakaa juu ya mstari wenyewe, upande wa kulia, na halizidi maneno machache. Linasema bei, mkataba, tarehe, na kilichotokea: "300, U, 14 Juni, wiki 3 zilifunga hapa." Nyuma yake naweka bei ile kwa lugha ya mnada wetu, ambao unahesabu dola kwa kilo 50. Ukizidisha senti za New York kwa 1.1023 unapata dola za kilo 50, kwa hiyo 300 ni kama dola 331. Si bei ya mkulima, maana kuna ubora, ukoboaji, usafiri na makato, lakini inanipunguzia kikokotoo.

Maelezo marefu nayaweka kwenye daftari pamoja na picha ya chati ya siku ile, inayopigwa kwa Alt+S. Maandishi ya wiki nayaficha yasionekane kwenye chati ya siku kupitia kichupo cha Visibility, kila mstari na wake. Vinginevyo ukisogelea kidogo tu skrini inajaa maneno.

Dhana: nikishahifadhi, chati iko salama

Mpangilio unaojihifadhi wenyewe unahifadhi pia makosa. Ukijaribu kiashiria kipya Jumatano usiku juu ya chati ya ukaguzi, Jumamosi utakikuta pale. Majaribio nayafanya kwenye nakala, kwa Make a copy, na ile ya ukaguzi siigusi hadi Jumamosi. Kumbuka pia kuwa michoro imefungwa kwenye alama: mistari uliyochora kwenye KC1! usiitegemee kuikuta kwenye KCU2026.

Kibaya zaidi ni kidole. Kwenye simu, ukiburuza chati unaweza kuburuza mstari bila kujua, kwa hiyo mistari yote naifunga kwa alama ya kufuli. Hata hivyo mara moja moja unasahau. Ndiyo maana naandika bei ndani ya andiko: nikikuta mstari ulioandikwa 300 lakini kipimo cha kulia kinasoma 298.65, najua soko halihusiki. Nafungua Coordinates, naandika 300 kwa mkono, nafunga kufuli, kisha ndipo naanza kusoma wiki.