Gemu uliyoiacha katikati: mikono imesahau au hamu imekwisha?

Gemu ambazo sijawahi kuzifungua hazinisumbui sana. Zinazonikaa rohoni ni zile nilizocheza saa 20 au 30, nikaziweka kando wiki moja, na wiki ikawa miezi. Kila nikifungua maktaba yangu naziona, nami najiona mdeni.

Mwaka jana nilipiga hesabu. Zilikuwa 38, ambazo hazijaguswa na ambazo hazijaisha. Kwa wastani wa saa 20 kila moja, hizo ni saa 760. Mimi hupata saa 6 kwa wiki, kwa hiyo ningehitaji zaidi ya miaka miwili bila kununua mpya hata moja. Kuacha baadhi ni lazima, na linalobaki ni kujua zipi.

Kazi yangu ni kubuni hatua za gemu, na huko nimejifunza jambo ambalo wachezaji wengi hawajielezi: gemu hukufundisha kwa tabaka. Saa ya kwanza unapewa vitufe viwili, saa ya tano mbinu ya kujikinga, saa ya kumi na tano tunakuletea adui anayekulazimisha kutumia vyote pamoja. Ukirudi baada ya miezi minne, unaingia katika somo la mwisho huku umesahau la kwanza. Unakufa mara tatu, unazima, unasema gemu imekuchosha. Pengine haijakuchosha. Mikono tu ndiyo imesahau, na hilo halistahili kuamua chochote.

Ndiyo maana kabla ya kuiacha gemu ya namna hii naipa jioni moja ya majaribio, kama dakika 90. Sianzi upya, kwa sababu saa za mwanzo ni tamu kwa kila mtu na zitanidanganya. Naendelea pale nilipohifadhi, ila dakika 20 za kwanza siendi kwenye misheni. Natafuta eneo jepesi nilikokwisha kupita, napigana na maadui dhaifu, nabonyeza kila kitufe hadi vidole vikumbuke. Baada ya hapo ndipo naifuata hadithi.

Nilifanya hivyo na The Witcher 3, niliyokuwa nimeiacha katika mji wa Novigrad baada ya saa 31. Nilirudi eneo la Velen kando ya mto, nikapambana na wale wafu wa majini wanaotoka matopeni. Mara mbili nilisahau kuwasha ngao ya Quen nikapigwa vibaya, mara ya tatu kidole kilienda chenyewe. Hadithi nayo ilinirudia upesi, kwani unaposubiri gemu ipakie, msimulizi hukukumbusha ulipofikia, na shajara ya misheni imeandikwa vizuri. Basi kisingizio cha kusahau kikawa kimeondoka. Nikarudi mjini kumtafuta mhusika aitwaye Dandelion: nenda kwa huyu, akutume kwa yule, rudi tena. Nikajikuta natazama saa. Nilijaribu jioni ya pili, nikashusha ugumu hadi "Just the Story!" ili mapambano yasinicheleweshe, na bado nilitazama saa. Hadithi kuu pekee huchukua takriban saa 50, kwa hiyo zilikuwa zimebaki kama 20, zaidi ya wiki tatu za muda wangu wote wa kucheza. Nikaiacha.

Gemu ya Hollow Knight ilinipa jibu tofauti kabisa. Niliamini imenishinda kwa wale maadui wakubwa, Mantis Lords. Nusu saa ya kurukaruka katika eneo la Greenpath ilitosha kurudisha mikono, na usiku ule nilikwenda kulala nikiwaza njia ambayo sikuifungua. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini: baada ya kuzima, je, kuna kitu mahususi unachotaka kukifanya kesho? "Ningependa kuimaliza" hakihesabiki.

Kuhusu fedha, zilitoka siku niliponunua, na saa nyingine 20 hazitazirudisha. Zile saa 31 za The Witcher 3 nilizicheza kweli na nilizifurahia. Ukiona aibu, fungua orodha ya tuzo za gemu kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta: kila tuzo ina asilimia ya wachezaji walioipata. Linganisha ya sura ya kwanza na ya sura ya mwisho. Sisi wabunifu tunalijua pengo hilo kati ya wanaoanza na wanaomaliza, na huwa tunatia nguvu nyingi mwanzoni kwa sababu hiyo hiyo.

Kuacha kwenyewe nakufanya kwa vitendo. Kwanza naangalia kama gemu inahifadhi maendeleo kwenye Steam Cloud, kwa sababu si zote zinazofanya hivyo. Isipofanya, nanakili folda ya hifadhi mahali pengine. Kisha naiondoa kwenye diski, nabofya jina lake kwa kitufe cha kulia, naingia "Manage", nachagua "Hide this game". Usiende kuifuta kwenye akaunti kupitia huduma kwa wateja, huko ni kuipoteza kabisa. Iliyofichwa inabaki kwenye "Hidden Games", haikutazami kila jioni. Mwisho naandika mstari mmoja kwenye daftari. Wa The Witcher 3 unasema: "Novigrad, namtafuta Dandelion. Mapigano mazuri, kutumwatumwa kumenichosha."