Rekodi rudufu: mzee mmoja, mistari mitatu ya orodha

Rekodi rudufu ni mteja mmoja kuandikwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya wateja. Zikilingana herufi kwa herufi hazisumbui, maana programu ya jedwali inazifuta kwa kubofya mara moja. Zinazotesa ni zile zinazofanana bila kulingana. Mwenye duka akizitazama anamwona mtu mmoja, kompyuta inawaona watatu, kwa sababu jina limeandikwa na "kh" huku na "h" kule, katikati kuna nafasi mbili badala ya moja, na simu imeanza na sifuri kwenye mstari mmoja na +255 kwenye mwingine.

Nitaeleza kwa orodha niliyoisafisha mwenyewe, ya duka la pembejeo hapa Dodoma mjini. Mama mwenye duka huwakopesha wakulima mbegu za alizeti mvua zinapoanza, nao hulipa baada ya mavuno. Ana kanuni moja: hakuna mtu kuvuka deni la shilingi 60,000. Orodha yake ilikuwa imeunganishwa kutoka sehemu tatu, yaani daftari la zamani, simu ya dukani, na jedwali lililojazwa na vijana wawili kwa zamu. Mistari hii minne ilikuwa ndani yake (majina na namba nimezibadili):

```
1  Hamisi Ramadhani Chilongola  0700 314 145   45,000
2  CHILONGOLA  KHAMIS           +255700314145       0
3  Mzee Khamis Mpunguzi         700314145      30,000
4  Neema Hamisi                 0700-314-145   20,000
```

Ukibonyeza kitufe cha kufuta vinavyojirudia, hakuna hata mstari mmoja utakaoondoka. Kwa kompyuta hawa ni wateja wanne na kila mmoja yuko chini ya 60,000.

Mimi huanza na simu, kwa sababu simu ina umbo moja tu la kweli. Namba ya Tanzania, ukiondoa sifuri ya mbele au 255, inabaki na tarakimu tisa. Kwa hiyo sihangaiki kubadili maandishi ya asili. Naongeza safu mpya pembeni na kuchukua tarakimu tisa za mwisho, baada ya kuondoa nafasi na vistari:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2," ",""),"-",""),CHAR(160),""),9)
```

Hiyo `CHAR(160)` ni nafasi isiyokatika, ambayo huingia mtu anaponakili namba kutoka ukurasa wa mtandao. Kwa macho ni nafasi kama nyingine, lakini `TRIM`, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikishangaa kwa nini namba mbili zinazolingana kabisa zinakataa kulingana, kumbe ni hiyo.

Mistari yetu yote minne sasa inatoa 700314145. Kabla ya kuiamini safu hiyo, iulize maswali mawili. Kwanza, tarakimu ya kwanza ni ipi? Simu za mkononi zinaanza na 6 au 7, na simu ya mezani ya Dodoma, ambayo ni 026, itaanza na 2. Ukiona 0 mwanzoni, aliyeandika aliruka tarakimu moja, na ile sifuri ya mbele imejaza pengo. Pili, maandishi yalikuwa marefu kiasi gani kabla ya kukatwa? Yakishasafishwa yanapaswa kuwa na urefu wa 9, 10, 12 au 13. Yakizidi hapo, mara nyingi mtu ameandika namba mbili kwenye kisanduku kimoja, na fomula imekuachia ya pili tu.

Kuna mtego mmoja wa simu unaotisha kuliko yote. Namba kama 255700314145 ikiingizwa kama tarakimu tupu, jedwali huionyesha kwa kifupi: `2.557E+11`. Hapo bado ni salama, kwa kuwa namba kamili imo ndani. Lakini ukihifadhi faili kwa mfumo wa CSV, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana. Ukiifungua tena, namba imekuwa 255700000000, na kila mteja mwenye mwanzo kama huo ana namba hiyo hiyo. Mtu asiyejua atafurahi kuona rekodi rudufu nyingi, ataziunganisha, na kijiji kizima kitakuwa mkulima mmoja. Dalili yake ni mkia wa sifuri nyingi. Ukiuona, rudi kwenye faili la awali, maana tarakimu zilizopotea hazirudishiki kwa fomula yoyote. Ndiyo maana safu ya simu huwekwa kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Simu imetuambia mistari minne ni mmoja. Imekosea, na hapo ndipo jina linapoitwa kutoa ushahidi.

Majina yana vipimo vyake vya kawaida. Kimoja ni umbali wa Levenshtein, kinachohesabu herufi ngapi zinahitaji kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kutoka Khamis hadi Hamisi ni hatua mbili: ondoa k, ongeza i. Kutoka Halima hadi Salima ni hatua moja tu. Kwa hesabu hiyo, wanawake wawili tofauti wako karibu kuliko mzee mmoja na jina lake mwenyewe. Kingine ni Soundex, kilichosajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya Kiingereza. Hicho hushika herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Hamisi anapata H520, Khamis anapata K520, na basi hawakutani. Sivilaumu vipimo hivi, ila havikutengenezwa kwa majina yetu.

Kwa hiyo hujenga umbo la siri la jina, la kulinganishia tu, lisiloonekana kwenye risiti. Nageuza yote kuwa herufi kubwa, nafasi za ziada naondoa, vyeo kama Mzee, Mama na Mwalimu navihamishia safu nyingine, na jina la kijiji, kama Mpunguzi, pia. Kisha KH inakuwa H, DH inakuwa D, herufi iliyorudiwa inakuwa moja, na R inakuwa L, kwa sababu r na l zinapishana sana kwa waandikaji wengi: Rehema na Lehema nimewakuta kwenye ukurasa mmoja. Mwisho nakata i ya mwishoni mwa jina, maana Saidi na Said ni mtu yule yule. Zamani nilikuwa nakata irabu yoyote ya mwisho, mpaka nilipoona Saidi na Saida wamekuwa mtu mmoja. Sasa nakata i peke yake.

Mistari yetu inakuwa hivi:

```
1  HAMIS LAMADAN CHILONGOLA
2  CHILONGOLA HAMIS
3  HAMIS
4  NEMA HAMIS
```

Wa kwanza na wa pili ni rahisi. Maneno yote ya mstari wa pili yamo katika wa kwanza, mpangilio tu ndio umegeuzwa, kama wanavyofanya waliozoea kutanguliza jina la ukoo. Wa tatu una neno moja tu, nalo limo. Tazama wa nne sasa. Nao una HAMIS, na simu ni ile ile. Kipimo cha maneno yanayoshirikiwa kitauvuta ndani pamoja na wengine.

Lakini kwetu jina la pili la mtoto ni jina la kwanza la baba yake. Baba na mwana wanashiriki neno kwa desturi, na vijijini mara nyingi wanashiriki simu vilevile. Hivyo viwili vikikutana, kompyuta inawaunganisha bila kusita. Kanuni ninayoshika ni hii: simu ikilingana, jina la kwanza la mtu nalo lazima lilingane, likiwa limesimama mahali pa jina la kwanza au limegeuziana nafasi na la ukoo. HAMIS wa Neema amesimama nafasi ya baba. Huo si ushahidi wa kuunganisha, ni ushahidi wa kutenganisha.

Sikuishia kwenye fomula. Mama mwenye duka alipiga simu mbele yangu, akaweka sauti ya nje. Akapokea binti.

"Shikamoo mama. Baba yuko shambani, ameacha simu ichajiwe."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Neema?"

"Ndiyo. Kama ni ile mbegu yangu, nilichukua mfuko wangu mwenyewe, wa baba ni mbali."

Mama aliniangalia bila kusema neno. Kisha akavuta daftari akajumlisha mistari ya mzee: 45,000 na 30,000, jumla 75,000. Mzee alikuwa ameshavuka kikomo kwa 15,000, bila hila yoyote, kwa sababu tu kijana wa zamu ya jioni alimwandika upya. Na laiti tungeunganisha yote minne, tungemdai 95,000 na kumbebesha mbegu za binti yake.

Kuunganisha kwenyewe si kufuta. Kila mstari wa zamani naupa namba ya mteja. Mistari 1, 2 na 3 imepata namba moja, wa 4 una yake. Jina linalobaki ni lililo kamili zaidi, madeni yanajumlishwa, na malipo ya nyuma yanafuata namba mpya. Nakala ya awali nahifadhi pembeni bila kuigusa. Tukigundua mwezi ujao kwamba tumekosea, tunawatenganisha kwa dakika moja. Kosa la kuacha rudufu moja linaweza kurekebishwa wakati wowote, lakini watu wawili waliochanganywa madeni bila nakala ya awali ni ugomvi wa kijiji.

Kundi gumu zaidi ni lile la majina yanayolingana na simu zisizolingana. Huyo anaweza kuwa mtu mmoja mwenye laini mbili, au majina mawili ya kawaida yaliyokutana. Juma Saidi wako wengi. Hapo naangalia jina la tatu na kijiji, na visipotosha tunapiga simu zote mbili. Hali ya kinyume ipo pia: namba iliyoachwa muda mrefu, kampuni ya simu humpa mtu mwingine, kwa hiyo rekodi ya miaka mitano iliyopita yenye simu inayolingana na jina geni kabisa siigusi.

Safu ya mwisho niliyoongeza ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni ya maamuzi. Kwa Neema na baba yake nimeandika "si mmoja, wamethibitishwa kwa simu", pamoja na tarehe. Bila hiyo, atakayesafisha orodha msimu ujao ataona simu moja na jina moja, na ataanza upya. Na vijana wa zamu sasa, kabla ya kumwandika mtu, wanatafuta kwanza tarakimu zake tisa za mwisho; zikitokea, wanamuuliza aliyesimama mbele yao, "Hii simu ni yako au ya mzee?"