TSH chini, thairoksini juu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Karatasi ya majibu ina mistari miwili inayozua mjadala. Wa kwanza unasema TSH, homoni inayopimwa kuchunguza tezi ya thairoidi, iko chini ya 0.01, ilhali kiwango cha kawaida katika maabara hiyo ni 0.4 hadi 4.0. Wa pili unasema FT4, yaani thairoksini iliyo huru katika damu, ni 31, ilhali kawaida ni 12 hadi 22. Mwenye karatasi ni mama wa miaka 32 aliyejifungua miezi mitatu iliyopita. Ndani ya wiki saba ameshuka kutoka kilo 64 hadi kilo 59, na hata akiwa ameketi ametulia, moyo wake unapiga mara 112 kwa dakika. Mama huyu nimemuunda mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini tarakimu zake na maneno atakayoambiwa ni ya kawaida kabisa kwa yeyote anayehudumia wagonjwa wa tezi ya thairoidi, ile ambayo wengine huiita dundumio.

Dhana: Homoni imeshuka, kwa hiyo tezi imechoka na inahitaji vidonge vya kuiongezea nguvu.

Anayesoma hivyo ameona neno “chini” kwenye mstari wa kwanza akaishia hapo. TSH haitengenezwi na thairoidi. Hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiagiza thairoidi itoe thairoksini. Nyumba ambayo mapipa yake yamejaa haimwiti mchota maji, na pituitari nayo ikiona damu imejaa thairoksini huacha kuagiza. Kwa hiyo TSH iliyozama pamoja na thairoksini iliyopanda haimaanishi upungufu. Inamaanisha kwamba homoni imezidi, na pituitari imenyamaza kwa sababu hiyo.

Uhusiano wa namba hizi mbili si wa bega kwa bega. Thairoksini ikiongezeka mara mbili tu, TSH inaweza kushuka mara makumi, hata mara mia. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na FT4 iliyopita mpaka kwa kiasi cha wastani, kama mama wetu, na TSH yake isisomeke kabisa. Ipo hali ambayo TSH huwa chini kwa sababu pituitari yenyewe ni mgonjwa, lakini hapo thairoksini nayo huwa chini, na hiyo ndiyo sababu ya kutotosheka na TSH peke yake. Anayempa mama huyu levothairoksini, yaani thairoksini ya vidonge, anaongeza kuni kwenye moto ambao tayari unamuunguza, na moyo unaokwenda mbio namna hiyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake.

Dhana: Kukonda na moyo kwenda mbio ni virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, sukari, au ni mawazo tu.

Tatu za mwanzo zinastahili kupimwa, na sina ugomvi na anayeanza nazo. Ugomvi wangu ni na anayezipima, akakuta majibu ni mazuri, kisha akamwambia mgonjwa apunguze mawazo. Anayekonda kwa thairoksini nyingi kwa kawaida anakula vizuri, pengine kuliko zamani, na bado nguo zinampwaya. Anatoka jasho wenzake wakiwa wamejifunika, vidole vinatetemeka akivinyoosha, anakwenda choo mara nyingi, na mapaja yanamlegea anapotaka kuinuka kutoka kwenye kigoda. Ipo pia njia rahisi ya kumtenganisha na mwenye wasiwasi: mwenye wasiwasi akilala usingizi mzito mapigo hushuka, lakini mwenye thairoksini nyingi ukimpima usiku akiwa amelala utayakuta bado yako juu. Kwa wazee mambo huweza kugeuka, hamu ya kula ikapotea, na ishara pekee ikawa kukonda pamoja na moyo unaopiga bila mpangilio.

Kwa mama anayenyonyesha kuna kisingizio kingine kilicho tayari, kwamba mtoto ndiye anayemmaliza. Kunyonyesha kunaweza kweli kupunguza uzito, lakini hakuupeleki moyo kwenye mapigo 112.

Dhana: Majibu yakishatoka hivi, ugonjwa umejulikana, na dawa ni karbimazoli.

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka, tena mikononi mwa watu wenye elimu. Namba zile mbili zinatuambia kwamba homoni imejaa katika damu. Hazituambii imetoka wapi.

Inaweza kuwa tezi inazalisha kupita kiasi. Hali hiyo hutokea katika ugonjwa wa Gravesi, ambapo kingamwili za mgonjwa mwenyewe huichochea thairoidi kana kwamba ni TSH, au pale goita ya muda mrefu inapokuwa na vinundu vinavyofanya kazi bila kusubiri agizo. Inaweza pia kuwa homoni imetoka nje, kwa mfano kwa mtu anayemeza levothairoksini nyingi kuliko anavyohitaji. Njia ya tatu husahaulika: tezi haizalishi zaidi, bali inavuja. Thairoidi ina ghala, na ndani yake huhifadhi homoni ya kutosha wiki kadhaa. Ikipata uvimbe wa ndani unaoharibu seli zake, ghala hupasuka na akiba yote humwagika kwenye damu kwa pamoja. Hali hii huweza kumpata mtu baada ya maambukizi ya virusi, na hapo shingo huuma hata kuigusa. Huweza pia kumpata mwanamke ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na hapo kwa kawaida hakuna maumivu yoyote.

Karbimazoli huzuia tezi isitengeneze homoni mpya. Kwa ghala linalovuja haina kazi, kwa kuwa homoni inayomsumbua mgonjwa ilishatengenezwa siku nyingi. Isitoshe, wiki chache baadaye ghala hubaki tupu, tezi ikiwa bado haijapona, na mgonjwa huingia katika upungufu. Dawa inayozuia uzalishaji ikimkuta hapo humzamisha zaidi.

Basi kwa mama wetu maswali yalianza na kabati la dawa. Je, anatumia kitu chochote cha nywele? Swali hili si la urembo. Wanawake wengi hupukutika nywele miezi michache baada ya kujifungua, na vidonge vinavyouzwa kwa ajili hiyo mara nyingi huwa na biotini ya miligramu 5 au 10, wakati mwili huhitaji takriban maikrogramu 30 tu kwa siku. Biotini nyingi haiidhuru tezi, ila huvuruga baadhi ya mashine za maabara, ikaonyesha TSH ya chini na thairoksini ya juu kwa mtu ambaye ni mzima. Yeye alikuwa akivimeza. Akaviacha kwa siku tatu, akapimwa upya, na majibu hayakubadilika kwa maana. Kwa kweli dalili zake zilishatudokeza hivyo, kwa sababu biotini hudanganya mashine lakini haimkondeshi mtu wala haimtetemeshi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtazama. Macho yake hayakutokeza, na shingo ilikuwa na tezi iliyokua kidogo tu, laini, isiyouma. Kabla ya ujauzito hakuwa na dalili yoyote. Muda nao una uzito wake, kwani uvujaji wa baada ya uzazi mara nyingi huanza katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, ilhali Gravesi ikija baada ya uzazi huelekea kuchelewa hadi miezi sita au zaidi. Uamuzi uliachiwa kipimo cha kingamwili kinachoandikwa TRAb, ambazo ndizo huichochea tezi katika Gravesi. Zake hazikuonekana. Kingamwili za aina nyingine, zinazoandikwa anti-TPO, zilikuwa juu, kama ilivyo kwa wengi wanaopata uvujaji huu. Kuna pia picha inayoonyesha kiasi gani tezi inanyonya dawa ya mionzi: tezi inayozalisha hunyonya sana, inayovuja hunyonya kidogo mno. Lakini kwa anayenyonyesha, picha hiyo huleta usumbufu wa kukatiza maziwa, na TRAb ikiwa imeshajibu hakuna haja nayo.

Hakupewa karbimazoli. Alipewa propranololi, miligramu 20 mara tatu kwa siku, baada ya kuulizwa kama ana pumu, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Haipunguzi homoni inayovuja. Inautuliza moyo na mikono wakati ghala linajimaliza lenyewe. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, akaendelea kunyonyesha.

Dhana: TSH bado haisomeki, kwa hiyo hakuna nafuu.

Baada ya wiki sita mama alikuwa na mapigo 82 na kilo moja na nusu imerudi. FT4 ilikuwa 19, ndani ya kawaida. TSH ilikuwa vilevile chini ya 0.01, na ndugu zake wakasema ugonjwa haujagusika. Pituitari iliyonyamazishwa kwa muda huchelewa kuamka, wiki nyingi, wakati mwingine miezi, hata baada ya thairoksini kutulia. Katika kipindi hicho kipimo cha kutegemea ni FT4, pamoja na T3, homoni nyingine ya thairoidi, ikipatikana. Kosa hili huwaumiza zaidi wagonjwa wa Gravesi, ambao wao wanastahili kweli karbimazoli: daktari anayeongeza dozi kwa kuangalia TSH peke yake humtoa mgonjwa kwenye wingi na kumtupa kwenye upungufu. Na kwa kuwa nimewataja, wanaotumia dawa hiyo wajue kwamba mara chache sana huangusha seli nyeupe za damu. Homa, koo kuuma au vidonda vya mdomoni ni sababu ya kuacha dawa siku hiyohiyo na kwenda kupimwa damu, hata kama ni usiku.

Dhana: Moyo ukishatulia, habari imekwisha.

Mwezi wa saba baada ya kujifungua, mama alirudi akiwa mzito wa mwili, anasikia baridi na kusinzia mchana. TSH ilikuwa 18, na FT4 ilikuwa 9. Jirani alidhani ile propranololi ndiyo iliyoigeuza tezi, ingawa ilikwisha kuachwa zamani. Hiyo ilikuwa awamu ya pili, ya ghala tupu, na kwa kuwa alikuwa na dalili alipewa levothairoksini, ileile ambayo miezi minne nyuma ingemdhuru. Wengi hurudi katika hali ya kawaida kabla mwaka haujaisha, hivyo dozi hujaribiwa kupunguzwa baada ya miezi kadhaa. Wengine tezi yao haipati nguvu tena, au hupungukiwa miaka baadaye, hasa wenye anti-TPO iliyo juu. Kwa sababu hiyo atapimwa TSH kila mwaka, na atapimwa tena mapema akishika mimba nyingine, kwa kuwa uvujaji huu hupenda kujirudia uzazi ukijirudia.