Kupima soko kabla hujatengeneza kitu: kuacha imeili na kuweka hela ni vitu viwili tofauti

Kuna watu wanaita hii kitu jaribio la moshi, wengine wanasema tu kupima soko. Unatengeneza ukurasa mmoja mwepesi mtandaoni unaoonyesha bidhaa ambayo bado haipo, picha yake, inafanya nini, bei yake, na kitufe cha kuweka oda, alafu unaleta watu wasiokujua uone wangapi wanabonyeza. Bidhaa yenyewe hujaigusa bado.

Mfano unaojulikana sana ni Buffer, ile programu ya kupanga posti za mitandaoni. Mwaka 2010 mwanzilishi wake, Joel Gascoigne, aliweka ukurasa wa kwanza unaoelezea wazo, ukibonyeza kuona bei unakuta ujumbe kwamba bado hawajawa tayari, acha imeili. Watu wakaacha. Sasa wengi wangeishia hapo na kuanza kujenga, yeye akaongeza ukurasa mwingine katikati wenye bei, kuna mpango wa bure, wa dola 5 na wa dola 20 kwa mwezi, ili aone kama watu wakishaiona bei bado wanaendelea. Baadhi wakachagua mipango ya kulipia, ndo akajenga.

Huo ukurasa wa katikati ndo wenye kazi, maana imeili ni bure, mtu anaiacha kwa udadisi tu au kwa kukuonea huruma. Kubonyeza kitufe akiwa ameshaiona bei ni ushahidi mzito zaidi, na kuweka hela ya kianzio kabisa, hata kidogo, ni mzito kuliko vyote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Unataka kushonesha begi la laptop la kufunga kwenye baiskeli, na kiwanda hakikubali oda chini ya mabegi 200. Unalipia tangazo, kila anayebonyeza kuja kwenye ukurasa anakugharimu senti 30 za dola, wanaingia watu 600 kwahiyo umetumia dola 180. Wanaoacha imeili 90, wanaobonyeza kitufe cha oda 30, wanaoweka kianzio 12. Ukihesabu imeili utafurahi, kila moja imekugharimu dola 2 tu. Ila gawa 180 kwa wale 12, mnunuzi mmoja amekugharimu dola 15, na kama faida yako kwenye kila begi kabla ya tangazo ni dola 12, basi kila begi unalouza linakula hasara ya dola 3 na ukiuza mengi zaidi ndo unazama zaidi. Watu kulipenda wamelipenda, ila kwa bei hiyo na njia hiyo ya kuwapata hesabu haikai. Hapo unaweza kupandisha bei kwa dola 5 na kurudia kwa watu wapya wa aina ileile, wakilipa 11 kati ya 600 faida inakuwa 17 na gharama kama 16 na ushee, unapumua kidogo sana, mi nisingeenda kiwandani kwa hiyo.

Kwahiyo kabla ya kufungua ukurasa andika kabisa ni namba gani itakufanya uendelee na ipi itakufanya uache, kwa sababu matokeo yakishakuja kila mtu anajua kuyatetea.

Kinachoharibu jaribio mara nyingi ni watu wanaoingia. Ukituma linki kwenye grupu la ndugu na marafiki utapata asilimia tamu ambazo hazitarudi tena, wale wanakununua wewe. Idadi ndogo nayo inadanganya, watu 30 wakiingia na 2 wakabonyeza utasema karibu asilimia 7, lakini kesho wangeweza kuwa 0 au 5 bila kitu chochote kubadilika. Na kama hakuna hata mmoja aliyebonyeza, kabla hujalizika wazo fungua ukurasa kwenye simu ya kawaida, unaweza kukuta kitufe kimejificha chini kabisa au hakifunguki.

Halafu kuna suala la uaminifu. Mtu akibonyeza oda mwambie palepale kwamba bidhaa bado haijatengenezwa, usimzungushe kwenye fomu ndefu. Ukipokea kianzio, andika tarehe unayotegemea kupeleka na kwamba wasipofika idadi fulani hela inarudi yote, na hiyo hela iweke pembeni usiishonee sampuli, maana ukiamua kuacha itabidi uirudishe.

Na jaribio hili haliwezi kukwambia kama begi litachanika baada ya mwezi au kama mtu atarudi kununua tena, hayo mpaka mtu alishike begi lenyewe.