Nusu shilingi na jumla isiyolingana

Wapo wanaosema: "Tukikadiria kila nusu kwenda namba shufwa iliyo karibu, ile njia ya kibenki, jumla ya orodha haipishani kamwe na jumla halisi."

Njia hiyo husaidia kwenye nusu kamili tu. Wakulima wanne wa zabibu Dodoma wanadai shilingi 4,500.50, 4,501.50, 4,502.50 na 4,503.50, jumla halisi ni 18,008. Ukipandisha kila nusu unapata 18,010. Kwa shufwa, 18,008 sawasawa.

Lakini gawa 10,000 kwa watu watatu: kila mmoja 3,333.33, na kwa njia zote mbili orodha inatoa 9,999. Hapo kata senti zote, hesabu shilingi zilizopungua, kisha waongezee moja moja wenye senti nyingi zaidi. Wakilingana, anza na aliye juu kwenye orodha. Ukitaka kuhakiki, jumlisha kwa kikokotoo tarakimu zinazoonekana, maana lahajedwali huweza kuficha senti bila kuzifuta.