Kelele nyeupe, kelele ya pinki na grafu inayopanda

Chukua kichanganuzi cha masafa chenye milia ya theluthi ya oktavu, ukiingizie kelele nyeupe kwa waya, bila spika wala maikrofoni. Grafu hailali. Inapanda kuelekea kulia, desibeli 3 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu, na mtu asiyejua atadhani trebo imezidi.

Kifaa ni kizima. Kelele nyeupe ina nishati sawa katika kila hezi, lakini oktavu hazilingani kwa upana. Kati ya hezi 100 na 200 mna hezi 100 tu. Kati ya 5,000 na 10,000 mna hezi 5,000, na zote mbili ni oktavu moja moja. Upana unapoongezeka maradufu, nishati nayo inaongezeka maradufu, na hizo ndizo desibeli 3. Oktavu ya juu kabisa, 10,000 hadi 20,000, hubeba karibu nusu ya nishati yote inayosikika. Ndiyo maana sipendi kupaza kelele nyeupe kwenye spika: twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo inayoumia.

Kelele ya pinki hurekebisha hilo. Masafa yakizidi maradufu, nguvu katika kila hezi hupungua nusu, hivyo kila oktavu hubaki na nishati ileile, na milia inalala sawa.

Sikio nalo husikiliza kwa mafungu. Kuanzia hezi 500 hivi kwenda juu, kila fungu hutanuka kadiri masafa yanavyopanda: kwenye 1,000 lina upana wa hezi 160 hivi, kwenye 4,000 karibu 700. Hiyo haiko mbali na theluthi ya oktavu. Kwa hiyo pinki hugawia mafungu hayo nishati inayokaribiana, nasi tunaisikia kama mvumo uliotulia, ilhali nyeupe hutuchoma kwa mlio mkali wa juu. Chini ya hezi 500 mafungu hubaki na upana wa hezi 100 hivi, kwa hiyo huko ulinganifu huo unalegea.

Sasa fikiria fundi anayepima spika nzuri kwa kelele nyeupe, kisha anashusha ikwalaiza mpaka milia ilale. Kutoka hezi 100 hadi 12,800 kuna oktavu 7, maana yake amekata desibeli 21 huko juu. Grafu yake inapendeza, lakini herufi “s” za mwimbaji zimefifia na matoazi yamezama.

Kabla ya kugusa ikwalaiza, pitisha kelele yako kwa waya kwanza uone kichanganuzi kinaionyeshaje. Kwenye kile kinachogawa masafa kwa vipande vyenye hezi sawa, mambo hugeuka: nyeupe ndiyo inayolala, na pinki inashuka desibeli 3 kwa oktavu. Ukiinyanyua hiyo pinki ilale, utaongeza trebo ambayo spika haikuwahi kupungukiwa nayo.