C imeingia mstari wa ngapi? Kusahihisha milinganyo ya dy/dx

Sisi tunaofundisha hisabati ya kidato cha sita hapa Kigoma, tukikutana kusahihisha mtihani wa utamilifu, hatuchelewi kubishana juu ya herufi moja. Mtahiniwa ametenganisha vizuri, y upande wake na x upande wake, ameintegreti bila kosa, lakini konstanti C imetokea mistari mitatu baadaye, au haikutokea kabisa. Mmoja wetu anasema, "Mwalimu, mkate alama moja tu, kazi ameifanya." Mwingine anasema jibu lote halifai. Mimi nina msimamo wangu, na nitaueleza kwa swali moja fupi la alama 5:

```
dy/dx = x/y,   y = 3 pale x = 0
```

Karatasi nyingi huja na kazi ya namna hii:

```
y dy = x dx
y²/2 = x²/2
y² = x²
y = x + C
3 = 0 + C
y = x + 3
```

Kwa macho ya haraka haina tatizo. C ipo, sharti limetumika, na ukiweka x = 0 unapata 3 kama swali linavyotaka. Msahihishaji aliyechoka anaweza kuweka vema na kugeuza ukurasa. Lakini rudi kwenye swali. Pale x = 0 na y = 3, swali linasema mteremko ni 0/3, yaani sifuri. Mstari wa mtahiniwa una mteremko wa 1 kila mahali. Amepita kwenye nukta sahihi, ila tangu hapo hapo ameelekea kusiko. Jibu sahihi ni y² = x² + 9, yaani y = √(x² + 9). Pale x = 4 linatoa 5, wakati la mtahiniwa linatoa 7.

Kwa nini C iliyochelewa inaharibu jibu? Kuongeza C mwishoni kabisa ni kuichukua grafu nzima na kuipandisha au kuishusha bila kubadilisha umbo lake. Ukiipandisha grafu, mteremko wake kwa kila x unabaki ule ule. Hilo halina shida pale upande wa kulia wa mlinganyo una x peke yake, kwa mfano dy/dx = 2x, kwa sababu mteremko haujali y ni ngapi. Lakini katika x/y mteremko unategemea y. Ukiwa juu zaidi, mteremko unatakiwa uwe mwingine. Kwa hiyo grafu iliyopandishwa inabeba mteremko wa mahali ilipotoka, na mlinganyo unaukataa.

Hapo ndipo penye chanzo cha tabia hii. Mwanafunzi amefanya mazoezi mengi ya kuintegreti ambayo yote yanaishia na "+ C" kwenye mstari wa jibu. Huko nyuma, mstari wa jibu na mstari wa kuintegreti ulikuwa ni ule ule. Anapofika kwenye milinganyo ya kutenganisha, mistari hiyo miwili inaachana, naye anaendelea kuipeleka C alikozoea kuiona, mwishoni. Amejifunza mahali pa C kwenye ukurasa, hakujifunza inatokana na tendo gani.

Sasa tuje kwenye mpaka, maana hapa ndipo wasahihishaji wanapoonea watu. Si kila C iliyochelewa ni kosa. Tuseme mtahiniwa mwingine ameandika hivi:

```
y²/2 = x²/2
y² = x² + C
9 = C
y² = x² + 9
```

C yake haikuonekana kwenye mstari wa kuintegreti, imeonekana mstari uliofuata. Lakini kati ya mistari hiyo alichofanya ni kuzidisha kwa 2 tu. Kama angeiweka mapema ingekuwa 2C, na 2C ambayo haijulikani ni konstanti isiyojulikana kama C yenyewe. Hajapoteza kitu. Mimi humpa zote 5, na pembeni namwandikia aiweke mstari mmoja kabla.

Kwa hiyo ninaposahihisha, siulizi C imechelewa mistari mingapi. Natafuta mstari ambao mtahiniwa amechukua kipeuo cha pili, ameondoa ln kwa kupandisha e, au amegeuza sehemu juu chini. C ikiwa imeingia kabla ya tendo hilo, kazi ni nzima. Ikiwa imeingia baada yake, jibu limeharibika, kwa sababu √(x² + C) si sawa na x + C, na e^(x + C) si sawa na e^x + C. Kuzidisha na kugawanya pande zote kwa namba hakuna madhara, ilimradi thamani ya C iwe haijatafutwa bado. Akishapata C = 9/2 kisha akazidisha kwa 2 na kuiacha 9/2, hilo ni kosa lingine, la kawaida tu.

Alama zenyewe nazigawa hivi: moja ya kutenganisha, moja ya kuintegreti pande zote, moja ya konstanti iliyoingia kwa wakati, moja ya kutumia sharti, moja ya jibu. Yule wa y = x + 3 anapata 2. Wenzangu wengine wanampa na ya sharti, kwa hoja kwamba amelitumia. Mimi simpi. Sharti kazi yake ni kuchagua grafu moja kati ya zote zinazotii mlinganyo, na katika mistari yake ya y = x + C, pamoja na ile inayopita kwenye nukta ya swali, hakuna inayoutii mlinganyo isipokuwa ile ya C = 0. Alichokitumia sharti kukichagua hakikuwa na jibu ndani yake.

Katika maswali marefu kosa hili hujifichua lenyewe, na inafaa msahihishaji ajue sura yake. Chukua mafuta ya mawese yaliyoepuliwa yakiwa na nyuzi 85 za selsiasi, chumba kikiwa na nyuzi 25. Baada ya dakika 10 yamefika 65. Yatakuwa na nyuzi ngapi baada ya dakika 20? Kwa sheria ya Newton ya kupoa:

```
dT/dt = -k(T - 25)
ln(T - 25) = -kt + C
```

Pale t = 0, C = ln 60, kwa hiyo T = 25 + 60e^(-kt). Dakika ya 10 inatupa e^(-10k) = 40/60, yaani 2/3. Dakika ya 20 ni mraba wa hiyo, 4/9, na T = 25 + 60 × 4/9, kama nyuzi 51.7.

Aliyechelewesha C anapata T = 25 + e^(-kt) + C. Sharti la kuanzia linampa 85 = 26 + C, C = 59, na T = 84 + e^(-kt). Hadi hapa hajaona lolote. Kisha anaweka dakika ya 10: 65 = 84 + e^(-10k), na e^(-10k) = -19. Hakuna k ya kawaida inayofanya hivyo, kwa sababu e ikipandishwa kwa namba yoyote halisi haiwi hasi. Hapa ndipo karatasi inapochafuka. Utaona alama ya kutoa imefutwa, au imeachwa kimyakimya kwenye mstari unaofuata, na e^(-10k) imekuwa 19. Akiendelea hivyo, dakika ya 20 inampa 84 + 361, nyuzi 445. Mafuta yaliyokuwa yanapoa sufuriani yamekuwa ya moto kupita yalivyoepuliwa.

Ukikutana na alama hasi iliyopotea kwenye mstari wa k, usiihesabu kuwa ndilo kosa la kukatia alama. Panda juu, utakuta C imeingia baada ya e. Na usimfuatilizie alama za mbele kwa kisingizio kwamba "amefuata namba zake". Hakuzifuata, zilimgomea akazibadilisha. Aliyefika kwenye -19, akaandika kwamba haiwezekani na kurudi kutafuta kosa, hata kama hakulipata, mimi naona ameonyesha hisabati zaidi kuliko yule wa 445. Mwongozo wa usahihishaji kwa kawaida hauna alama yake, na hilo linaniuma.

Aliyeiacha C kabisa anatambulika kwa njia nyingine: kuna taarifa ya swali haijaguswa. Anaandika T = 25 + e^(-kt), kisha anakimbilia dakika ya 10. Zile nyuzi 85 hazionekani popote katika kazi yake. Weka t = 0 kwenye mlinganyo wake, utapata 26. Kwa hiyo kabla sijasoma mistari, hutafuta kwanza sharti la kuanzia limetumika wapi. Likikosekana, nimeshajua tatizo liko wapi.

Wapo pia wasio na hatia. Mtahiniwa anayeintegreti kwa mipaka, kutoka 3 hadi y upande mmoja na kutoka 0 hadi x upande wa pili, hana C na hahitaji kuwa nayo. Sharti limo ndani ya mipaka, na alama ya konstanti na ya sharti zote ni zake. Anayeandika ln A badala ya C yuko sawa. Anayeiweka C upande wa y naye yuko sawa, alama yake itageuka tu.

Na kuna hatia inayofichwa na mtunzi wa swali. Ukiuliza dy/dx = y, na y = 1 pale x = 0, aliyefuata taratibu anapata y = e^x. Aliyeiacha C anapata y = e^x. Aliyeichelewesha anapata 1 = 1 + C, C = 0, na y = e^x. Watatu wote wana jibu moja, na swali lako halijapima chochote kuhusu konstanti. Badili sharti liwe y = 3 pale x = 0. Wa kwanza atakuwa na 3e^x, wa pili atakwama na e^x isiyotimiza sharti, wa tatu atakuletea e^x + 2.